Kabla ya Kuchukua Fimbo, Tafuta Uongo Umetoka Wapi

*Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha wazazi na walezi. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.*

 

Mada tuliyopewa leo ni mtoto anayesema uongo mara kwa mara. Tunamzungumzia yule ambaye mzazi wake amechoka naye kabisa. Akisema jua limechomoza, unatoka nje kuangalia kwanza. Mzazi wa mtoto kama huyu mara nyingi ameshajaribu kila kitu: amemsihi, amemkaripia, amemchapa, amempeleka kwa mjomba, na bado uongo unaendelea. Akifika mahali hapo huanza kusema, “Huyu ni mwongo tu, ndivyo alivyo.”

Ninataka tulichunguze neno hilo, “ndivyo alivyo.” Kazi yangu ni habari, na katika kazi hii mtu hawezi kuchapisha jambo kabla ya kuuliza nani, nini, lini, wapi na kwa nini. Kwa mtoto mwongo, wengi wetu tunaishia kwenye “nini”. Amesema nini, na adhabu yake ni nini. “Lini” na “kwa nini” hatuvifikii, na dawa iko huko.

Umri una maana yake

Kwanza tuelewane kuhusu umri, maana uongo wa mtoto mdogo si sawa na uongo wa mtoto mkubwa.

Mtoto wa miaka 3 au 4 akikwambia kwamba simba aliingia jikoni akala mandazi, hajakaa chini akapanga njama. Katika umri huo, anachotamani na kilichotokea bado vinachanganyika kichwani mwake. Ukimuuliza kwa upole, “Ulitamani iwe simba, siyo?” atacheka na mambo yataisha. Huyo hahitaji adhabu. Anahitaji kufunzwa polepole tofauti ya hadithi na habari.

Mtoto wa miaka 6 hadi 10 anajua vizuri kwamba anasema uongo. Lakini mara nyingi anausema kwa ajili ya dakika ile ile iliyo mbele yake. Anaona uso wa mama, anaona fimbo, anaona aibu, na anatafuta mlango wa kutokea. Hafikirii kesho, wakati uongo utakapojulikana. Ndiyo maana uongo wa umri huu huwa mwepesi kugundulika, na ndiyo maana hutuudhi sana. Tunajiuliza, “Anadhani mimi ni mjinga?” Hajafika huko kwenye mawazo yake. Anadhani tu kwamba atapona sasa hivi.

Kijana wa miaka 12 kwenda juu ana sababu nyingine. Anataka mambo yake yawe yake: marafiki zake, simu yake, alikopitia akitoka shuleni. Uongo wake mara nyingi ni ukuta wa kujitenga na maswali mengi.

Leo nitakaa na kundi la katikati, wale wa shule ya msingi, kwa sababu hapo ndipo tabia hujengeka au hubomoka.

Kwa nini fimbo hufundisha uongo ulio bora zaidi

Najua kuna mzee hapa anayesema moyoni, “Sisi tulichapwa na tukanyooka.” Mzee wangu, hoja yako naiheshimu. Lakini nipe nafasi nikueleze walichokiona watu waliolipima jambo hili.

Mwaka 2011, watafiti wawili wa Kanada, Victoria Talwar na Kang Lee, walichapisha uchunguzi walioufanya Afrika Magharibi, katika shule mbili za watoto wadogo wa miaka 3 na 4. Shule moja ilikuwa ya fimbo. Mtoto akikosea hata jambo dogo, alichapwa, alipigwa kofi au alifinywa. Shule ya pili ilikuwa ya kukemea na kumtenga mtoto kwa muda.

Kila mtoto aliwekwa chumbani, nyuma yake pakawekwa kitu cha kuchezea, akaambiwa asigeuke kukitazama. Mtu mzima akatoka kwa muda mfupi. Watoto wengi katika shule zote mbili waligeuka, kama ambavyo mtoto yeyote angegeuka. Mtu mzima aliporudi akauliza, “Je, ulitazama?” Katika shule ya kukemea, zaidi kidogo ya nusu ya wale waliotazama walikana. Katika shule ya fimbo, walikana karibu wote. Na kuna jambo la pili lililo zito zaidi. Watoto wa shule ya fimbo waliweza kuushikilia uongo wao vizuri zaidi hata walipoulizwa maswali ya kuwanasa.

Kwa maneno mengine, hofu haikuwazuia kutazama, wala haikuwazuia kusema uongo. Iliwazoeza kuficha. Mtoto anayechapwa kila anapogundulika anajifunza somo moja: usigundulike. Kwa hiyo hadithi zake zinakuwa ndefu zaidi, macho yake yanatulia zaidi, na wewe mzazi unazidi kubaki gizani.

Sheria yetu nayo ina neno juu ya hili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili wa aina zote na adhabu za kinyama. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Lakini hata kama pasingekuwa na sheria yoyote, kwa uongo hasa, fimbo ni dawa inayolisha ugonjwa wenyewe.

Daftari la siku 14

Sasa tufanye nini? Nitawapa mfano mmoja tuufuate hatua kwa hatua. Nimeutunga mimi, lakini mtaona kwamba mambo yaliyomo mnayajua.

Kuna mvulana wa miaka 9, yuko Gredi ya Nne. Anaishi na mama yake na nyanya yake. Baba anafanya kazi mbali na hurudi mwisho wa mwezi. Mama anasema, “Huyu mtoto hapitishi siku bila uongo.” Ameshachapwa mara tatu mwezi huu kwa sababu hiyo.

Mama anashauriwa kufanya jambo moja tu kwa siku 14: asimchape, asimhubirie, aandike. Kwenye daftari la shilingi 20 anachora mistari ya kugawa ukurasa sehemu nne. Ya kwanza ni siku na saa. Ya pili ni maneno aliyoyasema mtoto. Ya tatu ni ukweli ulivyokuwa. Ya nne, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote, ni hii: kama angesema kweli, angepata hasara gani?

Baada ya siku 14 mama anahesabu. Kwanza anashangaa kwamba uongo haukuwa wa kila siku. Ni mara 9. Tuusome pamoja.

Jumatatu jioni alisema, “Hatukupewa kazi ya nyumbani.” Walipewa kazi ya hisabati. Jumanne alisema daftari la hisabati amelisahau shuleni, likapatikana chini ya godoro. Jumatano alitumwa dukani na shilingi 200 kununua unga wa 160, akarudisha 20 badala ya 40, akasema unga umepanda bei. Alhamisi kazi ya hisabati ilikuwa imefanywa yote, akasema, “Nimefanya mwenyewe,” lakini mwandiko haukuwa wake. Ijumaa asubuhi aliumwa na tumbo, na ilipofika saa tano akawa anacheza mpira uani. Jumapili aliwaambia watoto wa jirani kwamba baba yake atamletea baiskeli.

Wiki ya pili ilifanana na ya kwanza. Jumatatu tumbo tena. Jumatano alitumwa dukani tena, akarudi akisema sarafu ya 20 imeanguka njiani. Alhamisi, “Nimefanya mwenyewe,” na mwandiko ule ule wa mtu mwingine.

Ndugu zangu, ukiyasikia haya moja moja kila jioni ukiwa umechoka, unamwona mwongo, mwizi na mvivu. Ukiyaweka kwenye ukurasa mmoja, unaona kitu kingine. Mara 6 kati ya 9 zinahusu hisabati. Zile mara 2 za pesa zote ni Jumatano jioni, na kila Alhamisi iliyofuata kazi ya hisabati ilirudi imekamilika kwa mwandiko wa mtoto mwingine. Shilingi 20 zilikuwa zinakwenda wapi? Zilikuwa zinamlipa mwenzake amfanyie kazi. Hivyo mara 8 kati ya 9 zina mzizi mmoja. Mtoto huyu amepotea njia kwenye hesabu za kugawanya, na anaogopa mtu asijue.

Ile moja iliyobaki, ya baiskeli, haina hasara wala faida ya pesa. Hiyo ni hamu ya mtoto anayemkosa baba yake.

Mama alidhani ana tatizo la uongo. Kumbe alikuwa na tatizo la hesabu na la baba aliye mbali, na uongo ulikuwa moshi wake. Ukiupepea moshi bila kuzima moto, utapepea mpaka uchoke.

Nyumbani kwako mzizi unaweza kuwa mwingine. Ukurasa wako ukionyesha kwamba uongo wote unahusu kazi za nyumbani, huenda kazi ni nyingi kuliko umri wake, au anaona ndugu zake hawaguswi. Ukionyesha kwamba anadanganya mbele ya wageni na watoto wenzake tu, kwa kujisifu, basi tazama kama kuna siku anasifiwa kwa jambo la kweli. Ukionyesha kwamba anamdanganya mtu mmoja tu nyumbani na wengine anawaambia kweli, basi swali haliko kwa mtoto peke yake. Muulizeni pia huyo mtu mmoja anaipokeaje kweli anapoambiwa.

Usiulize unachokijua

Hatua ya pili ni ulimi wetu sisi wakubwa. Tuna tabia ya kuuliza swali ambalo jibu lake tunalo mfukoni. Umeona thamosi imevunjika, unajua aliyekuwa sebuleni ni yeye peke yake, na bado unauliza kwa sauti ya askari, “Nani amevunja hii?” Swali hilo halitafuti habari. Ni mtego. Na mtoto aliyeingia mtegoni hutapatapa. Sasa una makosa mawili badala ya moja: thamosi, na uongo ulioualika mwenyewe.

Ukijua, sema unachokijua. “Naona thamosi imevunjika. Kwanza tuokote vioo mtu asikatwe, halafu unieleze ilikuwaje.” Sikilizeni tofauti. Hapo hakuna nafasi ya kusema “si mimi”, kwa sababu hukuuliza nani. Umeuliza ilikuwaje, na swali hilo mtoto anaweza kulijibu bila kujitetea.

Yule mama wa mfano wetu aliacha kabisa kuuliza, “Umemaliza kazi ya nyumbani?” Mahali pake akaweka desturi. Kila siku baada ya chai ya jioni, mtoto analeta begi mezani, daftari linafunguliwa, na wanakaa pamoja dakika 20. Mama mwenyewe hesabu za kugawanya zimemtoka kichwani, lakini anakaa akichambua mboga, na mtoto anamweleza mwalimu alisema nini. Anapokwama, mama anaandika alama ndogo kwenye ukurasa ili mwalimu aone alipokwama. Mama pia alikwenda shuleni, akamwambia mwalimu ukweli kwamba mtoto amebaki nyuma na anaficha kwa aibu, akaomba asimwite ubaoni kwa wiki chache mpaka ashike mwendo.

Kwa mpango huo, uongo wa kazi ya nyumbani hauna tena pa kukaa. Haukushindwa kwa nguvu. Uliondolewa kazi yake.

Kosa ni moja, na uongo ni jambo lake

Sasa najua swali linalokuja: je, mtoto aachwe bila adhabu? Hapana. Kumwelewa mtoto hakufuti deni.

Lakini tenganisheni mambo mawili. Kuna kosa alilolifanya, na kuna uongo alioufunikia. Kosa lina malipo yake, na malipo yafanane na kosa. Amemwaga, afute. Amevunja, asaidie kurekebisha. Amechukua, arudishe. Mvulana wetu alikuwa na deni la shilingi 40. Anapewa shilingi 5 kila siku ya shule za kununua kitu cha kutafuna. Wakakubaliana alipe hizo 5 kwa siku 8 za shule, azitie kwenye kopo lililo juu ya kabati, mpaka deni liishe. Siku ya nane kopo likafunguliwa, wakahesabu pamoja, na mama akasema, “Deni limekwisha.” Likiisha, limeisha. Halitajwi tena siku ya Krismasi mbele ya shangazi.

Upande wa uongo, weka kanuni moja ambayo mtoto anaweza kuitegemea: kweli inapunguza mzigo, kila mara. Anayekuja mwenyewe kusema, mzigo wake ni mdogo. Anayesema akiulizwa, mzigo wake ni wa kawaida. Anayeng’ang’ania uongo, mzigo wa kosa uko pale pale na anaongezewa mwingine mdogo, kama kukosa katuni za jioni hiyo. Msiuzidishe. Mkimwambia mtoto hatatoka nje mwezi mzima, mtachoka nyinyi kabla yake, na ahadi yenu ya adhabu nayo itakuwa uongo.

Kanuni hii hujaribiwa siku moja, na siku hiyo ndiyo huamua kila kitu. Katika mfano wetu, wiki ya tatu, mvulana anaingia jikoni na kusema, “Mama, nimevunja thamosi.” Thamosi yenyewe ni mpya. Mama anahisi damu inapanda. Lakini mtoto amesimama pale akitazama mkono wa mama, anangoja kuona kama yale maneno yalikuwa ya kweli. Mama anavuta pumzi na kusema, “Asante kwa kuja kuniambia. Nimekasirika kwa thamosi, sijakasirika kwa sababu umesema. Lete ufagio.” Kwa wiki mbili nyumba nzima inakunywa chai ya kupashwa kwenye sufuria, na kuipasha ni kazi ya mvulana.

Mama angempiga siku ile, siku 14 za daftari na wiki nzima ya kopo zingepotea. Mtoto angejua kwamba kanuni ni ya vikombe vya bei rahisi tu.

Wala msidhani baada ya hapo uongo unakwisha. Katika wiki ya nne mvulana anadanganya tena kuhusu mtihani mdogo wa hisabati. Hilo ni la kawaida. Mtoto aliyezoea njia fulani kwa mwaka mzima hawezi kuisahau kwa mwezi. Kipimo chenu kiwe daftari. Kama zilikuwa mara 9 katika siku 14 na sasa ni mara 3, mnakwenda vizuri. Kama bado ni 9, basi mzizi mliouona sio wenyewe, rudini mkasome ukurasa upya.

Wanatuona sisi

Kujenga ukweli nyumbani kunaanza kwetu, na hapa nitasema kwa upole kwa sababu sote tumo.

Mwenye nyumba anabisha hodi kudai kodi, tunamwambia mtoto, “Mwambie sipo.” Tuko ndani ya matatu, tunasema kwa simu, “Niko hapo karibu, nafika,” na mtoto aliyeketi magotini anaona ndiyo kwanza tunatoka stejini. Tunampeleka kliniki tukimwambia, “Hudungwi sindano,” kisha anadungwa. Tunaahidi, “Nitakuletea zawadi,” na tunarudi mikono mitupu bila neno. Kwetu hayo ni mambo madogo ya kupitisha siku. Kwa mtoto ni mafunzo, na mwalimu ni yule anayempenda kuliko wote.

Kuyarekebisha si kazi kubwa. Kwa mwenye nyumba, toka mwenyewe useme, “Nitakulipa Ijumaa.” Kwa sindano, mwambie, “Itauma kidogo, nitakushika mkono, halafu itaisha.” Kwa ahadi, usiahidi, na ukishindwa, sema, “Nilikuahidi na sikuweza.” Mtoto anayemsikia mkubwa akikiri anajifunza kwamba mtu hukiri na bado akabaki na heshima yake.

Hata hadithi tunazowasimulia tuzichague. Mwaka 2014 Kang Lee na Victoria Talwar, pamoja na wenzao, walichapisha uchunguzi mwingine. Safari hii watoto wa miaka 3 hadi 7 walisimuliwa hadithi kabla ya kuulizwa kama walitazama kitu cha kuchezea. Wengine walisimuliwa hadithi ya mvulana mchungaji aliyekuwa akipiga kelele za uongo kwamba mbwa mwitu amekuja, na wengine ile ya Pinokio ambaye pua yake hurefuka akidanganya. Hadithi hizo za waongo kupatilizwa hazikuwafanya watoto waseme kweli zaidi. Iliyosaidia ni ngano ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, kwamba alipokuwa mtoto alikata mti wa baba yake, akakiri, na baba akafurahi kwa kukiri kwake. Watafiti walipoibadilisha hadithi hiyo hiyo ili mtoto adanganye na aadhibiwe, faida yake ikatoweka.

Kwa hiyo jioni, nyanya anapomwita mjukuu wake, “Njoo hapa, bwanangu, nikusimulie,” asiishie kwa mwongo aliyeliwa. Amsimulie pia siku yeye mwenyewe alipopoteza mbuzi wa babake akaenda kusema, na yaliyofuata. Mtoto anahitaji kusikia kwamba ng’ambo ya kweli kuna watu wazima wanaompokea.

Wakati wa kutafuta msaada

Nimalizie na mipaka. Daftari la siku 14 linafaa kwa uongo mwingi wa kawaida. Lakini kuna dalili ambazo hazifai kushughulikiwa nyumbani peke yake.

Moja ni mtoto aliyekuwa mkweli akabadilika ghafla, na anaficha alikokuwa au aliyekuwa naye. Ya pili ni mtoto anayerudi na pesa, nguo au simu ambayo hawezi kueleza imetoka wapi. Ya tatu ni uongo unaokuja pamoja na wizi unaokua, kupiga wenzake au kutoroka shule. Ya nne ni mtoto anayeingiwa na woga, kukojoa kitandani upya au kukosa usingizi anapotajwa mtu fulani. Hapo uongo unaweza kuwa umefunika jambo ambalo mtu mkubwa amemwambia asilitoe. Usimbane aseme mbele ya watu. Kaa naye peke yake, mwambie, “Hata kama uliambiwa usiseme, kwangu unaweza kusema, na sitakuchapa.” Akisema, mwamini kwanza, na usiende kumkabili mtuhumiwa wewe mwenyewe.

Pigeni simu nambari 116. Ni laini ya kitaifa ya kuwasaidia watoto, haina malipo na inapokewa mchana na usiku, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Afisa wa watoto yuko katika ofisi za kaunti ndogo, na kumwona hakuhitaji pesa. Mkiwa hamjui ofisi ilipo, mwulizeni chifu au mwalimu mkuu.

Mkitoka hapa leo, msianze na mtoto. Anzeni na daftari. Chora sehemu nne: siku na saa, alichosema, ukweli, na hasara ambayo angeipata kwa kusema kweli. Jaza kwa siku 14 bila kugomba. Siku ya kumi na tano, usome ukurasa huo ukiwa umetulia, wewe na mwenzako kama yupo, na muulizane swali moja: katika nyumba hii, mtoto akisema kweli, huwa anapata nini?

 Sasa tuchukue maswali.